Ufunguo wa Kuazima

Kwetu, wakwe wakija, hakuna anayeona haya kuazima vikombe. Unaenda kwa jirani, unabeba trei, thermosi mbili na viti vya plastiki, na jioni unarudisha kila kitu kikiwa kimeoshwa. Wageni wenyewe wanajua. Wengine walishanywea vikombe vile vile vya maua katika nyumba nyingine, lakini hakuna anayethubutu kuuliza. Nimekulia katika adabu hiyo na mpaka leo naipenda. Kosa langu ni kwamba niliipeleka kazini, na aliyeumia hakuwa mimi.

Ninafanya kazi na shirika dogo lenye ofisi Homa Bay. Tunasaidia wajane wanaofukuzwa kwenye mashamba ya waume zao. Mimi nakaa Awendo na kushughulikia upande wa Migori: natembelea makazi ya wajane, napiga picha za mipaka, barua na vyeti, kisha naziweka kwenye akaunti yangu ya kazi. Kwa kuwa kuna mashemeji ambao wangefurahi sana kuona yaliyomo, akaunti hizo hazifunguki kwa neno la siri peke yake. Kila mmoja wetu alipewa funguo mbili za usalama. Ni vitu vidogo vyeusi, kila kimoja urefu wa kiungo cha kidole, ambavyo unavichomeka kwenye kompyuta au unavigusisha mgongoni mwa simu ili akaunti ijue kwamba anayeingia ni wewe kweli. Ujumbe wa kawaida wa kutumiwa nambari kwenye laini ya simu ulifungwa, kwa sababu mtu mjanja anaweza kwenda kusajili upya laini yako na kupokea nambari zako. Tulielezwa hayo yote kwa utaratibu. Tuliambiwa tusajili funguo zote mbili, mmoja tutembee nao, wa pili tuuweke mahali pengine. Tukachapisha pia nambari za akiba, kumi kwenye karatasi moja, kila nambari ya kutumika mara moja tu. Kila mtu akaitia karatasi yake kwenye bahasha, akasaini juu ya gundi, ikafungiwa kabatini Homa Bay.

Ufunguo wangu wa pili niliusajili kama tulivyoambiwa. Kisha nikaupoteza kabla ya miezi sita kuisha. Nadhani ulidondoka kwenye mazishi fulani karibu na Kosele, nilipokuwa nikichomoa leso kwenye mkoba. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba bado nina mmoja, na mmoja unatosha.

Halafu yule dada anayesimamia kompyuta zetu akatangaza ukaguzi. Kila mfanyakazi aje Homa Bay, aweke funguo zake mbili mezani, asaini.

Nina mwenzangu wa upande wa Migori mjini, mwanamke wa rika langu, tumetoka mbali pamoja. Nilimvuta kando asubuhi ya ukaguzi nikamweleza. Alicheka. "Nyaminwa, si ni kuonyesha tu? Mimi naingia kwanza, nikitoka nakupatia yangu." Nyaminwa ni dada yetu, kwa Kijaluo. Alipotoka, alinipa ufunguo wake wa akiba ukiwa umefungwa kwenye kitambaa, nikaingia nao, nikauweka mezani kando ya wangu. Dada wa kompyuta alihesabu moja, mbili, akanipa kalamu. Nikasaini kwamba nina funguo zangu mbili. Nilipotoka nikampa mwenzangu mmoja, nikabaki na mmoja. Zote nyeusi, zote sawa. Tukaenda kula samaki tukiwa na furaha ya wanafunzi waliomchenga mwalimu.

Sasa nimlete yule mwanamke ambaye habari hii ni yake kuliko yangu.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kidogo kutoka sehemu za ndani za Awendo. Aliishi na mume wake miaka kumi na saba, wakazaa watoto wanne, lakini hawakuwahi kufunga ndoa kanisani wala ofisini, na wazee waliopeleka mahari walikuwa wamekwisha kufa. Mume alipofariki, shemeji zake walisema hawamjui. Walisema alikuwa mfanyakazi wa nyumba aliyepata watoto. Kitu kimoja tu kilichoandikwa ndicho kilichomtaja kuwa mke: programu ya mazishi ya mume wake, kile kijitabu wanachogawiwa waombolezaji. Humo, kwenye historia ya marehemu, jina lake lilikuwa pale likifuatwa na majina ya watoto wote wanne, na ilikuwa imeandikwa na shemeji hao hao kabla tamaa ya shamba haijawaingia. Programu nyingine zote zilikwisha siku ile ile. Watu walizikalia, wakajipepea nazo, wakafungia mandazi. Moja ilibaki kwa wifi yake. Nilimbembeleza wifi huyo akaniazima kwa saa moja, nikaipiga picha kurasa zote nne huku yeye akinishikia kona, nikaziweka kwenye akaunti, nikamrudishia. Wiki mbili baadaye akaanza kusema hajawahi kuwa na karatasi kama hiyo.

Kwa hiyo picha zile ndizo zilizobaki. Kesi ya urithi ilikuwa isikilizwe Ijumaa saa tatu asubuhi, mahakamani Migori. Nilikuwa nimemwambia mjane: "Usijali, mimi nitachapisha, nitakuja nayo."

Jumanne ya wiki hiyo simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la vyombo. Haikuwaka tena. Nilikasirika kidogo, lakini sikuogopa, kwa kuwa picha hazikuwa kwenye simu, zilikuwa kwenye akaunti. Nikaenda kwa muuza simu wa pale stendi ya Awendo, kijana mtaratibu mwenye miwani, nikachagua simu iliyotumika. Nilimuuliza mapema kama inasoma vitu vya kugusisha, yaani ile NFC, akaniwashia kwenye mipangilio, akanionyesha. Nikarudi nyumbani, nikaandika neno la siri, simu ikaniambia niguse ufunguo. Nikaugusisha mgongoni. Simu ikatetemeka kidogo, kisha ikaandika kwamba ufunguo huu hautambuliki.

Nikarudia. Nikatoa kava. Nikausogeza juu karibu na kamera, nikashuka chini, nikaufuta kwa upindo wa leso, nikazima simu na kuiwasha. Hautambuliki. Nilirudia mara ishirini, huku hasira ikinipanda, na mimi nikiwa na hasira lazima niitafutie mtu.

Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya duka la yule kijana nikipaza sauti. Nilimwita mwizi. Nilimwambia amenipa simu mbovu na kwamba watu wa Awendo wamjue leo. Waliokuwa wakingoja kwenda Migori waligeuka kutazama, na malori ya miwa yakapita, na mimi nikangoja yapite ili nisikike vizuri. Leo nikikumbuka kile kitendo cha kungoja malori yapite, nauficha uso hata nikiwa peke yangu.

Yeye hakujibu kwa hasira. "Madam, leta nione," alisema. Akajaribu mwenyewe, kisha akanigeuzia kioo. "Ona. Simu inausoma. Isingeusoma, ingenyamaza tu, ama ikwambie ujaribu tena. Hapa inasema ufunguo imeuona, lakini si ule umesajiliwa na hii akaunti. Hii si shida ya simu. Ni kama umebisha kwa mlango wa wenyewe."

"Ufunguo ni wangu. Nimekaa nao mwaka mzima."

"Sawa, madam. Basi bonyeza hapa, 'jaribu njia nyingine'." Alibonyeza. Zikatokea njia mbili: kuweka nambari ya akiba yenye tarakimu nane, au kuomba msimamizi wa akaunti akusaidie. "Hizi nambari huwa mnaprint. Uko nazo?"

Zilikuwa kabatini Homa Bay, kwenye bahasha yenye saini yangu.

"Basi umeokoka," akasema. "Ama piga simu kwa admin wenu, ni kitu ya dakika."

Nilichukua simu yangu nikaondoka bila kumwambia pole wala asante. Nilikuwa nimefika karibu na lango la shule ya msingi nilipoelewa, nikakaa kwenye jiwe la mpaka la mtu. Tulikuwa tumebadilishana. Siku ile ya ukaguzi, kwenye korido, nilimrudishia mwenzangu ufunguo wangu mimi, nikabaki na wake. Miezi miwili nilitembea na ufunguo wa mtu mwingine shingoni, na simu yangu ya zamani, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kunijua, haikuniuliza hata siku moja.

Nikampigia mwenzangu. "Wuololo," akashtuka. "Ule nilipeleka kwa dada yangu, kule Kisegi. Si walisema tuweke mbali? Na yeye amefunga nyumba, ameenda kwa binti yake, anarudi Jumamosi."

Kesi ilikuwa Ijumaa.

"Basi naenda Homa Bay, wanifungulie bahasha," nikamwambia.

"Enda. Lakini watakuuliza, mbona usitumie ya pili? Ukisema ilipotea, watakuuliza ile uliweka mezani ilikuwa ya nani." Sauti yake ikashuka. "Nyaminwa, mimi niko na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Usinitaje, tafadhali."

Ndipo niliposhindwa. Ningependa kusema nilikuwa namlinda mwenzangu, na kwa siku kadhaa nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilijiona nimesimama mbele ya dada wa kompyuta, msichana niliyemzidi miaka kumi na mitano, nikisema: nilidanganya, nikasaini. Mimi niliyekuwa nikiwafundisha wajane wasisaini wasichokijua. Aibu ilinishika kama homa. Jumatano yote ikapita. Alhamisi nikajidanganya kwa kazi. Nilimrudia wifi wa mjane kuomba ile programu tena, akaniambia kupitia dirishani kwamba hanijui. Nikaenda kwa kanisa lililomzika mume, katibu akasema hawakuhifadhi. Nikatafuta walioichapisha, saiba moja, duka la kompyuta karibu na soko, nikakuta wameuza kompyuta yao. Siku nzima juani, vumbi mpaka magotini, na muda wote huo Homa Bay kulikuwa na kabati, na kabatini kulikuwa na bahasha. Nilihangaika kila mahali isipokuwa mahali palipokuwa na dawa.

Ijumaa nilifika mahakamani Migori kabla ya saa tatu. Mjane alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na watoto wawili wakubwa walikuwa naye wakiwa na sare za shule zilizopigwa pasi.

"Madam, imekuja?" akaniuliza.

Nikamwambia mtandao umesumbua. Nilisema hivyo nikimtazama. Akanipa pole. Alinishika mkono akasema, "Mtandao huku kwetu, yawa, ni shida," kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa.

Jina lilipoitwa tuliingia. Shemeji mkubwa alisimama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba mwanamke huyu aliletwa kufua na kupika. Kwamba marehemu alikuwa mtu mwenye huruma, hakumfukuza. Hakimu akamuuliza mjane kama ana andiko lolote. Mjane akageuka akanitazama mimi, na watoto wake wakanitazama. Binti mkubwa, wa miaka kama kumi na sita, alikuwa ameinamisha kichwa akikunja na kukunjua pindo la sketi. Alikuwa amesikia mama yake akiitwa mfuaji mbele ya watu, naye hakuwa na la kufanya.

Nikatoka nje mbio. Pale kwenye veranda, kando ya mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi, nikampigia dada wa kompyuta, nikamwaga yote kwa pumzi moja: ufunguo uliopotea Kosele, ufunguo wa kuazima, saini. Jina la mwenzangu sikulitaja, ingawa kwa kuwa nilitaja Kisegi, ambako sote tunajua dada yake anakaa, nadhani alijua.

Hakunigombeza. "Ngoja kidogo, lazima nihakikishe ni wewe. Nakupigia video," alisema. Akanipigia, akatazama uso wangu, akaniuliza tarehe niliyoajiriwa na jina la mradi wangu wa kwanza. Kisha akaondoa funguo zote mbili za zamani kwenye akaunti ili atakayeziokota asifungue chochote, akanitengenezea nambari mpya za akiba, akanisomea moja. Tarakimu nane. Nikaziandika, na picha zikafunguka. Ukurasa wa pili, mstari wa tano, jina la mjane: mke mpendwa wa marehemu.

"Ukirudi huku nitakupa funguo mpya tuzisajili pamoja," alisema. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Lakini mbona hukunipigia Jumanne?"

Nilitazama saa ya simu. Tulikuwa tumezungumza dakika kumi na moja.

Niliporudi ndani nikiwa nimeinua simu kama mtu aliyeshinda mbio, walikuwa wamekwisha kumaliza. Kesi ilikuwa imesogezwa mpaka mwezi uliofuata, na shemeji walikuwa wanatoka wakicheka. Mjane alikuwa bado ameketi kwenye benchi. Nilimwonyesha picha. Akaisoma taratibu, akampa binti yake asome, na binti akasoma, akamrudishia mama simu, akatoka nje bila kunitazama.

Barua ya kuomba radhi niliiandika ofisini, nikapewa onyo, na mwenzangu alikaa wiki tatu bila kunisalimia. Hayo niliyastahili na hayakuniuma sana. Kesi iliposikilizwa mara ya pili, picha zilikuwepo zikiwa zimechapishwa, na wifi alipoitwa na kuonyeshwa pichani kidole chake mwenyewe kimeshika kona ya karatasi, alikubali. Mjane akaandikwa miongoni mwa warithi. Kwa yule kijana wa simu nilienda pia, nikamwomba msamaha mbele ya watu wa stendi, maana nilimtukana mbele yao. Aliniambia ameshasahau, nami nikajua hajasahau.

Lakini kabla ya kesi hiyo ya pili, Jumapili moja baada ya ibada, mjane alikuja kwangu. Alitembea kutoka kwao mpaka Awendo mjini akiwa na kuku jike mwekundu kwapani, miguu imefungwa kwa utepe wa gunia. Nilimkaribisha, nikampa chai. Akaniwekea kuku miguuni.

"Erokamano," akanishukuru. "Umehangaika sana na ile karatasi. Niliambiwa ulifika mpaka kanisani, mpaka kwa wifi yangu, siku nzima kwa jua. Na mtandao wenyewe ulikataa. Hii ni ya kukushukuru."

Kuku alikuwa ameshaanza kudonoa punje za wali chini ya meza. Ningeweza kunyamaza. Nilifungua mdomo nimwambie asante, na yakatoka mengine. Nilimwambia hapakuwa na shida ya mtandao. Nilimwambia kuhusu ufunguo, kuhusu ukaguzi, kuhusu bahasha iliyokuwa Homa Bay wakati wote. Nilimwambia niliona haya kusema, ndiyo maana.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Hiyo ya kufungua, ilichukua muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayehesabu. Nilijua anahesabu nini: Jumatano, Alhamisi, na asubuhi ya Ijumaa ambayo binti yake alisikia aliyoyasikia.

"Wewe uliona haya siku tatu," akasema, "mimi nikavaa haya yako mbele ya watoto wangu."

Akamaliza chai yake, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akarudisha kikombe kwenye trei. Halafu akainama, akamwokota kuku wake, akamweka kwapani, akaniaga vizuri, akaenda naye nyumbani.